Upondo Unaopinda na Mkono Usioruhusiwa Kupanda

Tarehe 15 Septemba 2025, katika mashindano ya riadha ya dunia mjini Tokyo, Armand Duplantis wa Sweden alivuka mita 6.30 kwa upondo katika jaribio lake la tatu na la mwisho. Aliyemfuata, Emmanouil Karalis wa Ugiriki, alikwishatosheka na mita 6.00 na medali ya fedha. Picha za polepole zilizorudiwa kwenye televisheni zilionesha kile kinachomshangaza kila anayetazama mchezo huu: upondo unapinda hadi mtu anahofia utakatika, kisha unanyooka, na mwanamume mzima anapaa miguu juu, kichwa chini. Ukitazama hivyo ni rahisi kuamini kwamba upondo ndio unaomrusha.

Imani hiyo ina kasoro moja kubwa. Upondo ukiwa umelala nyasini hauna nguvu yoyote ndani yake. Chochote unachokitoa wakati wa kunyooka kiliwekwa humo na mrukaji mwenyewe, sehemu moja ya sekunde kabla, na katika kukirudisha unakula kidogo. Kama kazi yake ingekuwa kurusha tu, upondo ungekuwa hasara. Faida yake iko kwingine, na ili kuiona inabidi kuacha kutazama mkunjo na kutazama mkono wa juu wa mrukaji: umeshika wapi, umbali gani kutoka ncha inayochomekwa chini. Mkunjo upo ili mkono huo uweze kushika juu zaidi.

Tuanze na mbio, maana nishati yote kubwa inatoka huko. Tumchukue mrukaji wa kubuni, wa kiwango kizuri lakini si bingwa wa dunia. Ana kilo 70, na anapoachana na ardhi anakwenda mita 9 kwa sekunde. Nishati mwendo aliyonayo wakati huo ni jouli 2,835. Kama nishati hiyo yote ingegeuzwa kuwa kimo bila kupotea hata chembe, ingempandisha mita 4.13. Uzito hauna neno hapa. Mtu wa kilo 60 na mtu wa kilo 90 wakikimbia kasi ileile, hesabu inawapa kimo kilekile. Sasa kumbuka kwamba mrukaji haanzi kupanda kutoka usawa wa udongo. Kitovu cha uzito wake, mahali karibu na kitovu cha tumbo, tayari kiko kama mita 1.20 juu ya ardhi anaposimama kwenye vidole mikono ikiwa juu. Jumlisha, unapata mita 5.33. Huko ndiko mbio zake zinakoweza kumfikisha.

Hesabu hiyo ni ya karatasini. Uwanjani kuna makato na nyongeza. Kuna nishati inayopotea wakati upondo unagonga mwisho wa kisanduku, na kuna kasi kidogo ambayo lazima ibaki ikimsukuma mbele ili avuke ufito badala ya kuuangukia. Upande wa pili, misuli yake inaendelea kufanya kazi akiwa hewani: anabembea, anavuta, anajipindua, anausukuma upondo chini mwishoni. Kwa warukaji wazuri nyongeza hiyo inafidia makato na pengine kuyazidi. Ndiyo maana ile hesabu rahisi ya kasi inakaribia sana kimo ambacho mtu anavuka kweli, na ndiyo maana makocha wa mchezo huu wanahangaikia mbio kuliko mikono. Duplantis ni mfano mzuri. Mwezi Septemba 2024, mjini Zurich, alishindana mita 100 na Karsten Warholm, bingwa wa mita 400 kuruka viunzi, akamshinda kwa sekunde 10.37. Mwanariadha anayekimbia hivyo bila upondo ana akiba ambayo wenzake hawana.

Lakini kuwa na nishati ni jambo moja, na kuigeuza upande ni jingine. Mrukaji anakimbia kwenda mbele, naye anataka kwenda juu. Chombo cha kugeuzia ni kisanduku, shimo lenye ukuta mwishoni, lililozama sentimita 20 chini ya usawa wa njia ya kukimbilia. Ncha ya upondo inateleza humo, inagonga ukuta, inakwama. Kuanzia hapo upondo unazunguka juu ya ncha hiyo, na mrukaji anapanda pamoja nao.

Sasa tazama pembe. Mrukaji wetu ameshika mita 4.80 kutoka ncha ya chini. Anapoondoka ardhini mkono wake wa juu, ulionyooshwa kabisa, uko kama mita 2.30 juu ya njia, yaani mita 2.50 juu ya sakafu ya kisanduku. Upondo umeegemea kwa pembe ya digrii 31 hivi kutoka kwenye ardhi. Umelala zaidi kuliko ulivyosimama. Mtu anakuja kwa mita 9 kwa sekunde, na sehemu kubwa ya mwendo wake inaelekea kando ya upondo wenyewe, kuusukuma kwa urefu wake kuelekea kwenye ukuta. Sehemu ndogo tu ndiyo inayoelekea kuuinua.

Ikiwa upondo ni mgumu na mrukaji naye ni mgumu, ile sehemu inayousukuma kwa urefu wake haina pa kwenda. Inaishia mabegani, mgongoni na kwenye viwiko. Kwa pembe ya digrii 31, fizikia ya darasani inasema kinachobaki cha kuzungusha upondo ni zaidi kidogo ya robo ya nishati ya mbio. Robo tatu zinazobaki zimekuwa maumivu. Mwili wa binadamu si chuma, unalegea na kunyumbulika, kwa hiyo hali halisi si mbaya kiasi hicho, ila mwelekeo wa hesabu ni huo. Na kadiri mkono unavyoshika juu zaidi, upondo unazidi kulala wakati wa kuondoka, na hasara inaongezeka.

Warukaji wa zamani waliijua hasara hii kwa miili yao. Walitumia pondo za mianzi, na baadaye za chuma na aluminiamu, zilizopinda kidogo sana. Dawa yao ilikuwa kushika chini, karibu na mita 4, ili upondo usimame zaidi wakati wa kuchomekwa, na kuruka juu kwa nguvu kwa mguu mmoja kabla ya pigo. Kuruka huko nako kuna gharama, kwa sababu mguu unaokita kwa ajili ya kwenda juu unakuwa breki ya mwendo wa kwenda mbele. Bingwa wao mkubwa alikuwa Cornelius Warmerdam wa Marekani, aliyevuka mita 4.77 kwa mwanzi mwaka 1942. Rekodi hiyo ilikaa miaka 15. Mwaka 1957 Bob Gutowski aliipita kwa upondo wa chuma, akaongeza sentimita moja tu. Mwaka 1960 Don Bragg akafika 4.80.

Kisha ukaja upondo wa faibaglasi. Mwaka 1961 George Davies aliweka rekodi ya kwanza ya dunia kwa upondo huo, mita 4.83, na mwezi Agosti 1963 John Pennel alikuwa tayari amevuka 5.20. Sentimita 40 ndani ya miaka mitatu, baada ya miaka 15 ya sentimita moja. Wapo waliolalamika wakati huo kwamba mchezo umeharibiwa, kwamba sasa watu wanarushwa kwa springi. Malalamiko yao naweza kuyaelewa, lakini maelezo yao hayakuwa sahihi. Binadamu hawakuanza ghafla kukimbia kasi zaidi mwaka 1961. Kilichobadilika ni kiasi cha mbio kilichookolewa pale kwenye kisanduku.

Upondo wa kisasa ni bomba tupu lililofumwa kwa kitambaa cha nyuzi za kioo, wakati mwingine pamoja na nyuzi za kaboni, na kuganda kwa gundi ngumu. Ukuta wake si mnene sawa kila mahali, na tangu kiwandani umepewa mkunjo mdogo wa asili ili ujue utapindia upande gani. Mrukaji anapogonga ukuta wa kisanduku, msukumo wa kando ya upondo unaupinda. Nyuzi za upande wa nje zinavutika, za upande wa ndani zinabanwa, na nishati inakaa humo. Ule mwendo ambao kwa mwanzi ungeishia mabegani sasa una mahali pa kuhifadhiwa. Katika karibu nusu sekunde upondo unafikia mkunjo wake mkubwa kabisa, na wakati huo karibu nusu ya nishati ya mrukaji imo ndani ya nyuzi. Kisha unaanza kunyooka, na karibu yote inarudi.

Watu wengi hudhani mrukaji anaupinda upondo kwa mikono, mkono wa juu ukivuta na wa chini ukisukuma. Mikono inasaidia kuelekeza mkunjo, lakini hakuna mtu mwenye mikono ya kuweka jouli zaidi ya elfu moja kwenye bomba gumu katika nusu sekunde. Mbio ndizo zinazoupinda. Mkufunzi anapomwona mwanafunzi anasukuma mno kwa mkono wa chini anamkataza, kwa sababu mkono uliokakamaa unazuia kifua kupita mbele na unarudisha hasara ileile ya zamani.

Mtafiti Nick Linthorne alichapisha mwaka 2000 uchambuzi wa jambo hili, na hitimisho lake linastahili kusomwa polepole. Alionesha kwamba upondo unaopinda una faida mbili. Unapunguza nishati inayopotea mwilini wakati wa kuchomeka, na unamruhusu mrukaji kuondoka kwa pembe ya chini zaidi, hivyo hatoi mbio zake nyingi kwa ajili ya kuruka juu. Faida zote mbili zinapatikana mwanzoni, wakati upondo unapinda. Ule mrusho wa mwishoni unaowapendeza watazamaji ni marejesho ya kitu kilichookolewa mapema.

Mkunjo una kazi nyingine, na hii ndiyo inayotupeleka kwenye mkono. Aliyewahi kusimamisha ngazi ndefu peke yake anajua kwamba ngazi ya mita 5 inasumbua zaidi ya ile ya mita 4 kwa kiasi kisicholingana na ile mita moja ya ziada. Uzito unapokuwa mbali na mahali pa kuzungukia, unakuwa mgumu kuuzungusha. Mrukaji ndiye uzito huo, naye ananing'inia kwenye ncha. Upondo unapopinda, umbali wa moja kwa moja kutoka mkono wa juu hadi kwenye kisanduku unafupika, kwa warukaji wakubwa hadi karibu asilimia 30. Mshiko wa mita 5 unakuwa kwa muda wa mita 3.5. Mzunguko unakuwa mwepesi hasa wakati ambapo upondo umelala na kazi ni ngumu zaidi. Baadaye, upondo ukiwa umekaribia kusimama, urefu unarudi wenyewe na mkono unapandishwa hadi mahali pake pa juu.

Hapo ndipo inapoonekana kwa nini mwanzi ulidai mshiko wa mita 4 na faibaglasi inakubali mita 5. Anayeshika mita 5 kwenye upondo usiopinda hafiki juu. Anasimama katikati na kurudi alikotoka.

Na mkono ukishashika, umeshika. Sheria ya mchezo inasema kwamba mrukaji akiwa ameachana na ardhi hawezi kuupandisha mkono wa juu, wala kuuweka mkono wa chini juu ya ule wa juu. Sheria hiyo haikuwepo tangu mwanzo. Katika karne ya 19 kulikuwa na Waingereza, hasa wa eneo la Ulverston, waliokuwa wakichomeka fito nzito za mti, zikisimama wao wanapanda kwa mikono, moja juu ya nyingine, hadi waufikie ufito. Ulikuwa ufundi wa kweli, na nadhani ungewapendeza watu wengi leo, lakini ulikuwa mchezo mwingine. Baada ya kupanda kukatazwa, swali la mshiko likawa la kudumu: mahali utakaposhika kwenye njia ya kukimbilia ndipo utakapokuwa umeshika kule juu.

Turudi kwa mrukaji wetu wa mita 9 kwa sekunde. Ameshika mita 4.80. Toa sentimita 20 za kisanduku, mkono wake utafika mita 4.60 juu ya ardhi upondo ukisimama wima. Juzi alivuka 5.30, yaani alivuka sentimita 70 juu ya mkono wake. Kwa warukaji wa kiume wa kiwango cha dunia tofauti hiyo huwa mita 1.20 na zaidi. Fikiria mshiko wa mita 5.10: ukitoa kisanduku unabaki 4.90, na kuvuka 6.30 kutoka hapo kunadai mita 1.40 juu ya mkono. Mwili unaweza kupita mkono kwa sababu mrukaji yuko kichwa chini, nyonga juu, na upondo unaonyooka bado unamsukuma, kisha anautupa nyuma kwa msukumo wa mwisho. Lakini nafasi hiyo ina kikomo, nayo inachukua miaka ya mazoezi kuongezwa kidogo kidogo.

Kwa hiyo kijana anatafuta njia fupi. Leo anasema atashika sentimita 15 juu zaidi, mita 4.95 kwenye upondo uleule, na kila kitu kingine kibaki kilivyo. Kwa hesabu yake atavuka 5.45.

Kinachotokea ni hiki. Kwanza, upondo uleule sasa ni laini zaidi. Nguvu inayohitajika kuupinda inapungua kadiri mraba wa urefu unavyoongezeka, na kutoka 4.80 hadi 4.95 ni upungufu wa karibu asilimia 6. Pili, upondo umelala kidogo zaidi wakati wa kuondoka, hivyo sehemu kubwa zaidi ya mbio inaingia kwenye mkunjo na ndogo zaidi kwenye mzunguko. Tatu, akiuinua hadi wima, yeye mwenyewe lazima awe amepandishwa sentimita 15 zaidi, na kwa kasi yake hiyo inadai nyongeza ya karibu mita 0.16 kwa sekunde, ambayo hakuja nayo. Upondo unapinda sana, unakawia kunyooka, unakaribia wima, unapunguza mwendo, unasimama. Kwa kitambo kidogo ananing'inia juu ya kisanduku bila kwenda mbele wala nyuma. Halafu anarudi upande wa njia ya kukimbilia, ambako hakuna godoro.

Hilo ndilo kosa la hatari zaidi katika mchezo huu, na halisababishwi na woga. Anayeogopa anaachia mapema na kuangukia godoroni. Anayeshika juu kuliko mbio zake ndiye anayeangukia kwenye kisanduku.

Angeweza kuuliza: kwa nini asichukue upondo mgumu zaidi ili ule ulaini uondoke? Angeondoa tatizo la kwanza na kulizidisha la tatu. Upondo mgumu unafupika kidogo, kwa hiyo mzunguko unakuwa mzito tangu mwanzo, na mtu wa mita 9 kwa sekunde angesukumwa nyuma mapema zaidi. Mshiko, ugumu wa upondo na kasi vimefungwa pamoja. Ukipandisha kimoja bila vingine, kitu fulani kinavunjika au kinasimama.

Iko njia moja ya kupata sentimita chache bila kuongeza kasi, nayo iko katika namna ya kuning'inia. Mara tu baada ya kuondoka ardhini, mrukaji mzuri anabaki amenyooka, mguu aliorukia ukiburuta nyuma, kifua mbele. Kwa macho ya mtazamaji anaonekana amechelewa. Ukweli ni kwamba akiwa mrefu hivyo kitovu cha uzito wake kinakaa chini, karibu zaidi na kisanduku, na upondo unazunguka kwa wepesi. Upondo ukishapata mwendo ndipo anapobembea kwa nguvu, kukunja nyonga na kuelekeza miguu juu. Mwanafunzi mwenye haraka anakunja magoti mara moja. Uzito wake unapanda kuelekea mikononi mapema, mzunguko unadorora, naye analaumu upondo.

Mahali pa kukanyagia napo panasema mengi. Mguu wa kurukia unatakiwa uwe moja kwa moja chini ya mkono wa juu wakati wa kuondoka. Ukiingia sentimita 20 ndani zaidi, kuelekea kwenye kisanduku, upondo unamvuta nyuma kabla hajaruka, mkono wake unashuka na pembe inazidi kuwa mbaya. Kocha hasimami karibu na ufito kutazama mrukaji anavyovuka. Anasimama pembeni mwa kisanduku, jicho kwenye kiatu.

Baada ya hapo anatazama godoro. Mrukaji akiangukia sehemu ya mbele kabisa, karibu na kisanduku, mbio hazikutosha kwa mshiko ule: ashushe mkono, au aende kwenye upondo laini zaidi. Akitupwa mbali hadi sehemu ya nyuma, upondo ulipita wima haraka mno, kasi imebaki bila kazi, na hapo anaweza kupanda mkono au kuchukua upondo mgumu. Zile nguzo mbili za ufito nazo zinasogezwa: sheria inaruhusu ufito uwekwe kuanzia juu ya mwisho wa kisanduku hadi sentimita 80 nyuma yake. Mrukaji mwenye mbio nyingi huomba umbali wote huo, kwa kuwa njia yake hewani inafikia kilele mbali. Anayeomba usogezwe karibu, mara nyingi kocha wa upande wa pili anajua tayari kwamba mshiko wake umemshinda siku hiyo.

Ndiyo sababu mrukaji hasafiri na upondo mmoja. Anabeba mfuko mrefu wenye kadhaa, zikitofautiana kwa hatua ndogo. Kila upondo umeandikwa urefu wake na uzito wa mrukaji uliokusudiwa, na wengi wa ngazi ya juu hutumia pondo zilizoandikwa kilo nyingi kuliko wanazopima, kwa kuwa mbio zao zinabana upondo kuliko miili yao. Upo pia upimaji makini zaidi: upondo unalazwa juu ya vihimili viwili, unatundikwa mzigo wa kilo 22.7 katikati, na sentimita unazoshuka zinaandikwa. Namba ndogo ni upondo mgumu. Makocha wana kanuni ya mkono kwamba kushusha mshiko sentimita 15 ni sawa na kupanda kwenye upondo ulioandikwa kilo 4.5 zaidi. Ukirudi kwenye ile hesabu ya mraba, kwa upondo wa kilo 70 hivi, unaona asilimia 6 ileile.

Kukosea upande wowote kuna bei yake. Katika Olimpiki ya London mwaka 2012, upondo wa Lázaro Borges wa Kuba ulikatika vipande akiwa juu yake katika mchujo. Aliangukia godoroni, akachukua mwingine na kuendelea. Mara nyingi upondo haukatiki kwa sababu ya mkunjo peke yake. Mkwaruzo wa njumu za kiatu au kuangushwa kwenye kona ya chuma kunaacha jeraha dogo kwenye nyuzi, na siku ya mkunjo mkubwa ufa unaanzia hapo.

Kisa cha Fabiana Murer wa Brazili ni cha aina nyingine. Katika fainali ya Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, alipofika zamu ya kuhamia upondo unaofuata katika mpangilio wake, hakuukuta. Ulikuwa umepotea kati ya zile zilizokusanywa na waandalizi. Alitafuta, akalalamika, mashindano yakasubiri kidogo kisha yakaendelea. Pondo nyingine alikuwa nazo. Lakini ule uliopotea ndio uliolingana na mbio zake na mshiko wake kwa kimo kile, na ilimbidi aruke kwa uliokuwa na ugumu mwingine. Alitolewa mapema, na siku hiyo Yelena Isinbayeva wa Urusi akashinda kwa rekodi ya dunia ya mita 5.05.